Nodi yako ya Bitcoin au seva ya kampuni ya pochi?

"Pochi ya bitkoini kwenye simu inanionyesha salio vizuri tu. Nodi kamili itaniongezea nini?"

Ndugu, kwa kawaida salio hilo ni jibu la seva ya kampuni ya pochi. Ikikosea, mara nyingi simu haina namna ya kujua. Nodi kamili ni programu kwenye kompyuta yako, nayo hukagua yenyewe kwamba sarafu zinazotumwa zipo na hazijatumika, saini ni sahihi, na kinachotoka hakizidi kilichoingia. Hata mchimbaji, anayekusanya miamala kwenye bloku, anakaguliwa: tangu Aprili 2024 zawadi ya bloku ni bitkoini 3.125, kwa hiyo akijipa 4 mbali na ada, nodi yako inaikataa bloku nzima, awe na mitambo mingi kiasi gani.

Kama diski ni ndogo, andika `prune=550` kwenye `bitcoin.conf`, faili la mipangilio ya nodi. Itakagua bloku zote, kisha ibakize za karibuni. Ila pochi uiunganishe na nodi hiyo, la sivyo bado unaiuliza seva ileile.