Mwaliko wa kikao usionyooshea mtu kidole

*"Mimi ni katibu wa ushirika wa kina mama wakulima wa mwani hapa Micheweni, Pemba. Mradi wetu wa mwani wa aina ya kotonii haukufanikiwa, na kwenye mwaliko wa kikao nimeandika: 'Mnatakiwa kuhudhuria bila kukosa ili kueleza kwa nini mwani uliharibiwa.' Wawili wameshasema hawaji. Nimekosea wapi?"*

Dada Katibu, "mnatakiwa" pamoja na "bila kukosa" ni lugha ya samansi. Ukiongeza "kueleza" mambo yanazidi, kwani maofisini barua ya kutakiwa maelezo ndiyo hutangulia adhabu. Andika "mnaombwa", kisha "kuangalia pamoja yaliyotokea".

Lakini lililowafukuza hao wawili, nadhani, ni "uliharibiwa". Kauli ya kutendwa humwachia mtendaji nafasi hata asipotajwa, na anayesoma hujiuliza papo hapo: na nani? Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. Twasema "mwani uliharibika", "kamba zilikatika". Hakuna asemaye "kamba zilikatika na fulani".

Ila msiifanye kuwa shuka la kufunikia. "Mambo yaliharibika" haimlaumu mtu, wala haimwambii mtu kitu. Kotonii haivumilii joto la maji kama mwani wa aina ya spinosamu, kwa hiyo tajeni mwezi na mwani ulivyoonekana, mazungumzo yaanzie baharini. Na pale ambapo watu waliamua jambo, msijifanye lilijiamua lenyewe. Ulizeni juu ya uamuzi: "Uamuzi wa kupanda kotonii wakati wa kaskazi ulitegemea taarifa zipi?" Hapo mwenye kuamua anaweza kujibu bila kujitetea, tofauti na "Nani aliwaambia mpande?"

Mimi ningeandika hivi:

*Assalamu alaykum. Ndugu wanachama, mnaombwa kuhudhuria kikao cha tathmini ya mradi wa kotonii, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Kuanzia Februari mwani ulipauka, ukalainika na kukatika kwenye kamba, na mavuno hayakufikia lengo. Tutapitia hatua zote, tangu kupata mbegu hadi kuvuna, ili tukipanda tena tujue la kubadilisha. Kila mmoja aje na aliyoyaona kwenye shamba lake.*

Februari nimeiweka kwa mfano tu, wewe weka mwezi wenu. Angalia pia "tukipanda". Ungeandika "tungalipanda mapema", sentensi ingerudi nyuma kumtafuta aliyechelewa, maana -ngali- huzungumzia lisiloweza tena kutendeka. Hiyo -ki- inaelekea msimu ujao.

Kama kuna fedha zisizojulikana zilikokwenda, hilo liitieni kikao chake peke yake, vitabu vya hesabu vikiwa mezani, na huko "mnatakiwa" ina mahali pake.