Diploma, shefu wa zamani na siri ya mwombaji

Hapa Goma uhakiki wa diploma mara nyingi unaanzia WhatsApp. Mtu wa ofisi ya wafanyakazi anapiga picha ya diploma ya mwombaji, anamtumia ndugu yake anayefanya kazi chuoni, anaandika: "Niangalilie huyu, alisoma kwenu kweli?" Jibu linakuja baada ya saa moja, na ofisi inaona imefanya kazi nzuri. Lakini jioni hiyo picha imeshapita kwenye simu tano. Shefu wa sasa wa mwombaji anajua kwamba mtu wake anatafuta kazi pengine, na jibu lenyewe halina muhuri wala saini ya mtu anayeweza kulisimamia siku likibishiwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Shirika linatafuta mhasibu. Mama mmoja ameshinda mtihani na mahojiano. Dosie yake ina diploma ya lisansi ya mwaka wa masomo 2012-2013, atestasioni mbili za kazi na referansi tatu. Kazi yake ya sasa bado anayo.

Uhakiki unafanywa kwa mtu aliyekwisha kuchaguliwa tu, au kwa wawili wa mwisho kama mmoja anaweza kukataa. Ukihakiki dosie 40 unapekua maisha ya watu 38 bure. Na matangazo yanayodai tangu siku ya kwanza kopi ya kadi ya mpiga kura, cheti cha mwenendo mwema, hali ya ndoa na kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, yanajaza kabati la ofisi kwa karatasi za watu ambao hawataitwa hata kwa mtihani. Hizo ziombwe mwishoni, na zile tu ambazo kazi inazihitaji.

Kabla ya simu yoyote, mwombaji atie saini fomu ya ruhusa. Ukurasa mmoja unatosha. Itaje kila ofisi utakayoiuliza kwa jina lake, utakachouliza, nani atasoma majibu na yatawekwa kwa muda gani. Ruhusa ya jumla, ile ya "kuuliza popote", haifai kitu, kwa sababu mtu hajui anaruhusu nini. Fomu zetu nyingi ni za Kifaransa, basi keti naye umweleze kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile ya mambo ya kidijitali, ina sehemu nzima juu ya data za watu, kwa hiyo neno "ni desturi ya ofisi yetu" halikulindi tena.

Mwajiri wa sasa apewe mstari wake peke yake: asiulizwe mpaka mwombaji awe na barua ya ahadi mkononi, inayosema atapewa kazi ikiwa majibu yatalingana na dosie. Bila barua hiyo, simu moja inaweza kumfukuzisha kazi ya kwanza huku ya pili hajaipata.

Sasa diploma. Kwa kazi ya mhasibu inayodai lisansi, hakiki lisansi. Diploma ya Leta, ile ya mwisho wa sekondari, unaweza kuiacha, maana chuo ndicho kilichoiangalia wakati wa kumwandikisha. Barua iende kwa sekretari jenerali akademiki wa chuo, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, maana karatasi ya kughushi inaweza kubeba namba ya simu ya kughushi pia. Weka jina lote kama lilivyo kwenye diploma, fakalti, mwaka wa masomo na namba ya diploma, pamoja na kopi ya ile ruhusa. Usiweke barua ya maombi wala CV. Kisha uliza mambo yanayojibika kwa ndiyo au hapana: je, mtu huyu alimaliza lisansi kwenu mwaka huo? Je, namba hii ni yenu? Je, daraja lililoandikwa ni sahihi? Usiombe alama za kila somo kama hazitabadilisha uamuzi wako.

Wakati unasubiri, karatasi zenyewe zinaweza kusema kitu. Katika mfumo wa zamani, satisfaksioni inaanza kwa asilimia 50 na distinksioni kwa 70. Kama orodha ya alama inaonyesha asilimia 66 na diploma inasema distinksioni, hilo ni swali la kuuliza, ingawa bado si kosa la mwombaji. Makarani nao hukosea. Neno "lisansi" lenyewe linahitaji uangalifu. Zamani mtu alifanya miaka 3 ya gradua, kisha 2 ya lisansi, jumla 5. Katika mfumo mpya wa LMD, yaani lisansi, mastaa na doktora, lisansi ni miaka 3 na kredi 180, na mastaa inafuata. Tangazo linalosema "awe na lisansi" bila kutaja mfumo linaweka kwenye mstari mmoja mtu wa miaka 5 na mtu wa miaka 3, au linamtupa mwenye gradua ya zamani aliyesoma miaka sawa na huyo wa LMD. Andika idadi ya miaka kwenye tangazo, ugomvi huo hautatokea.

Turudi kwa mama yetu. Chuo kinajibu: "Jina hilo halimo." Ofisi nyingi zinafunga dosie hapo, na hapo ndipo dhuluma inapoingia. Jina la mtu kwetu lina vipande vitatu: jina, postnomu na prenomu. Karani mmoja anaacha postnomu, mwingine anageuza mpangilio, wa tatu anaandika herufi "u" mahali pa "ou". Mwanamke aliyeolewa anaweza kuwa ametumia jina la mume kazini na la baba yake shuleni. Kwa hiyo mwite, mwonyeshe jibu la chuo lenyewe, umpe siku 5 za kazi alete maelezo kwa maandishi. Akileta kadi ya mwanafunzi au risiti ya masomo yenye jina la mpangilio mwingine, andikia chuo tena kwa jina hilo. Kama karatasi zake ziliungua, na katika mji uliopitiwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, nayo ikafika tena pembezoni mwake mwaka 2021, hilo halihitaji kushangaza, chuo ndicho kiulizwe juu ya rejista zake. Kuungua kwa karatasi hakuthibitishi kitu, wala hakukanushi.

Atestasioni za kazi nazo zinasomwa vibaya. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri atoe cheti kinachosema aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza, na inakataza kuongeza maneno mengine. Basi atestasioni isiyo na sifa yoyote ni atestasioni iliyofuata sheria. Anayeitilia shaka kwa sababu "shefu hakumsifu" anamwadhibu mwombaji kwa unyofu wa mwajiri wake wa zamani.

Kwa referansi, usipige kwanza namba iliyo kwenye CV. Inaweza kuwa ya binamu. Piga namba ya ofisi, omba uunganishwe. Shida ni kwamba mashirika mengi yamefunga milango hapa, hasa tangu miradi iliyolipwa na USAID ikatwe mwaka 2025, na barua pepe za mashefu zimekufa pamoja na ofisi. Hapo uliza makao makuu ya shirika kama bado yapo. Yakikosekana, pokea watu wawili waliofanya naye kazi karibu, kwa mfano wa ugavi aliyemletea fakture na wa benki aliyempokea kila mwezi, pamoja na kopi ya mkataba. Akileta karatasi ya mshahara, mwambie afunike kiasi. Unachotafuta ni tarehe na cheo. Ukiuona mshahara wa zamani, utashawishika kumpa mdogo.

Maswali yawe yaleyale kwa kila mtu, yaandikwe kabla ya simu, na yatoke kwenye kazi. Kwa mhasibu: alikuwa anafunga hesabu za mwezi mwenyewe au anasaidia? Alilinganisha daftari na taarifa ya benki mara ngapi? Alishika sanduku la pesa la kiasi gani, na nani alimhesabia? "Ni mtu wa namna gani?" si swali, ni mlango wa umbea. Mazungumzo huwa yanakwenda hivi:

"Papa, alifunga hesabu za mwezi peke yake?"

"Ndiyo, kila tarehe 5. Ila ujue, watu wa kule kwao ni wagumu, halafu alikuwa na mimba karibu mwaka mzima."

"Aksanti papa. Hayo mawili ya mwisho sitayaandika. Tarehe 5, alichelewa wakati mwingine?"

Kusema wazi kwamba huandiki kunamrudisha mtu kwenye kazi bila kumvunjia heshima. Kabila, kijiji, dini, mimba na ugonjwa havina nafasi kwenye karatasi yako, hata vikitajwa kwa wema.

Na akisema "alikula pesa"? Uliza mambo matatu: kulikuwa na uchunguzi? Yeye alisikilizwa? Kuna uamuzi wa maandishi? Majibu yakiwa hapana mara tatu, hiyo ni tetesi, na haiingii kwenye ripoti kama jambo lililothibitishwa. Yakiwa ndiyo, mwombaji aambiwe kilichosemwa, naye ajibu kabla hujaamua. Makosa ya unyanyasaji wa kingono yana njia yake. Mashirika yaliyo katika mpango wa kupeana taarifa za utovu wa nidhamu, ulioanzishwa mwaka 2019, yanaulizana kwa fomu maalumu juu ya miaka 5 iliyopita, na hapo pia mwombaji anajulishwa. Usilichanganye swali hilo na mazungumzo ya simu juu ya hesabu.

Majibu yote yakae kwenye bahasha moja, kwenye kabati lenye ufunguo, na wanaoyasoma wasizidi watu wawili. Meneja wa idara hahitaji kujua zaidi ya "yanalingana" au "hayalingani, kwa jambo hili". Karatasi za wasiochukuliwa zikae miezi 6, kama kuna atakayelalamika, kisha zirudishwe au zichanwe. Picha zilizo kwenye simu zifutwe siku hiyohiyo, na kwenye kompyuta uangalie pia kikapu cha takataka.

Chuo kinaweza kuchelewa kujibu, wiki hata miezi, na si haki mama yetu akae nyumbani kwa uvivu wa posta. Mpe mkataba wenye kipindi cha majaribio, ambacho kwa mfanyakazi mwenye utaalamu sheria inakubali mpaka miezi 6, na uandike ndani yake kwamba jibu la chuo bado linangojewa. Katika kipindi hicho aandike vocha na afunge hesabu za mwezi, ila saini ya benki ibaki kwa mwingine mpaka barua yenye muhuri ifike.