Mashine ya Miaka Mitatu au ya Miaka Mitano? Usigawe Tu Bei kwa Miaka

Dada mmoja mwenye mashine ya kusaga Tandale aliniletea karatasi yenye bei mbili. Mashine ya kwanza ni shilingi milioni 8, fundi anasema itadumu miaka mitatu. Ya pili ni milioni 13, inadumu miaka mitano. Zote zinasaga magunia yaleyale kwa siku. Kwa umeme, chekeche, nyundo, belti na fundi, ya kwanza inakula milioni 3 kwa mwaka, ya pili milioni 2.9. Mshahara wa kijana wa mashine hatukuuweka, maana ni uleule kokote.

Yeye alishapiga hesabu yake. "Kaka, nane gawa kwa tatu, kumi na tatu gawa kwa tano, ongeza matumizi. Ya pili ndiyo rahisi." Na kweli, kwa njia hiyo ya kwanza inatoka 5,667,000 kwa mwaka na ya pili 5,500,000. Wafanyabiashara wengi ninaokaa nao hupiga hivyohivyo.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inaichukulia fedha kama ya bure. Milioni 13 inatoka mfukoni leo yote, haitoki kidogo kidogo kwa miaka mitano. Yeye alikuwa anakopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa salio linalopungua. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: kama bei ya mashine ingelipwa kwa mafungu sawa kila mwisho wa mwaka hadi mashine ife, riba ikiwemo, kila fungu lingekuwa shilingi ngapi? Ukiongeza matumizi ya mwaka juu ya fungu hilo, unapata gharama linganifu ya mwaka. Kwenye Excel ni mstari mmoja kwa kila mashine:

```
=PMT(15%,3,-8000000)
=PMT(15%,5,-13000000)
```

Ya kwanza inatoa 3,503,816, ya pili 3,878,102. Ongeza matumizi: 6,503,816 dhidi ya 6,778,102. Jibu limegeuka. Mashine ya miaka mitatu ni nafuu kwa takriban 274,000 kila mwaka.

Kwa wanaosomea uhasibu, kuna mtego wa upande wa pili. Ukijumlisha thamani ya sasa ya gharama zote, ya kwanza inatoka kama milioni 14.85 na ya pili milioni 22.72. Usikimbilie kuandika kwamba ya kwanza imeshinda kwa karibu milioni 8. Hapa jibu limeangukia sahihi kwa bahati tu, kwa sababu milioni 14.85 imenunua miaka mitatu ya kusaga, na ile 22.72 imenunua mitano. Lazima kila moja uigawe kwa kizidishi cha miaka yake kwenye jedwali la asilimia 15, yaani 2.283 na 3.352, ndipo zilingane.

Kinachoamua hapa ni riba kuliko mashine yenyewe. Nilipoishusha kidogo kidogo, mashine mbili zilikutana kwenye asilimia 6 na ushei. Chini ya hapo ya miaka mitano ndiyo nafuu. Na usiseme fedha yako mwenyewe haina riba: ingekuwa kwenye mzigo wa mahindi ingezaa kitu, na hicho ndicho kiwango chako.

Hesabu hii pia inadhani kwamba mashine ikifa utanunua nyingine kama hiyo, kwa bei ileile. Mashine ya miaka mitatu inakurudisha dukani mapema, kwa hiyo bei zikipanda inaumia zaidi. Tukichukulia kila kitu kinapanda asilimia 5 kwa mwaka, gawa 1.15 kwa 1.05, unabaki na riba halisi ya asilimia 9.5 hivi. Rudia PMT kwa kiwango hicho, na ile tofauti ya 274,000 inashuka hadi karibu 98,000. Bado ya kwanza iko mbele, lakini kwa pengo dogo hivyo, makadirio ya fundi kuhusu uhai wa mashine yakikosea kidogo, jibu linaweza kugeuka tena.

Halafu akataja jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko yote: mkataba wa fremu umebaki miaka mitatu, na mwenye nyumba anataka kujenga ghorofa. Hapo habari ya kununua tena na tena haipo. Tunapima miaka mitatu tu, na mashine ya pili itauzwa ikiwa bado nzima. Nilimpigia: ili ifikie ya kwanza, iuzwe kwa angalau milioni 7.26 mwishoni mwa mwaka wa tatu. Alikwenda kuulizia mitumba ya umri huo Gerezani, na hakuna aliyemtajia zaidi ya milioni 6. Akanunua ya milioni 8.