Usibandike makala! Silabi moja ilininyima kazi ya miezi sita

*"Wakuu, nina makala yangu ya maneno 1,200 kuhusu parachichi za Njombe, nataka niitoe video ya dakika moja. Naona kuna templeti za AI, unabandika makala inatoka video. Ipi ni nzuri? Na muziki usioleta kesi napata wapi? Nataka niposti Jumamosi."*

Usibandike. Kama umeshabandika, funga hiyo programu kwanza tuongee.

Mimi niko Mbeya, upande wa Uyole. Mwaka jana kikundi kimoja cha wazalishaji wa mbegu za viazi mviringo huko Umalila kilinipa kazi. Nilikuwa nimewaandikia makala ya mnyauko bakteria, wakataka niigeuze video fupi, na wakiipenda niwatengenezee moja kila wiki kwa miezi sita. Kwa mtu aliyekuwa anaishi kwa kutengeneza kadi za harusi, hiyo ilikuwa ajira kabisa.

Nikafanya hivyohivyo unavyotaka kufanya. Tena nilikuwa nimesomea! Kuna jamaa alitukusanya kwenye grupu la WhatsApp, elfu arobaini na tano kila kichwa, somo lenyewe maneno matatu: bandika, bonyeza, posti. Hakuna siku alisema "soma kilichotoka." Hata siku moja. Nilipokuja kumlalamikia akanitoa kwenye grupu, na hela ya watu akabaki nayo. Basi, nikabandika makala yote, maneno 900. Dakika tatu nyingi: imefupishwa, imekatwa vipande 12, kila kipande sekunde tano, picha zimejipanga zenyewe, na dada wa kwenye mashine anasoma kwa sauti ya matangazo ya uwanja wa ndege. Nikaitazama mara moja nikiwa kwenye daladala, bila sauti. Nikaituma.

Sasa angalia sentensi hii, ilikuwa kwenye makala yangu:

"Inashauriwa mkulima asitumie viazi vilivyobaki baada ya mauzo kama mbegu, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kuenea kwa mnyauko bakteria."

Na hii ndiyo iliyotoka kwenye video, herufi kubwa za njano:

"TUMIA VIAZI VILIVYOBAKI KAMA MBEGU."

Umeona? Mashine inapofupisha inabakiza maneno mazito: tumia, viazi, mbegu. Kwetu ukanusho hausimami peke yake kama neno ambalo ungeona limepotea. Ni hiyo "si" iliyojibanza katikati ya kitenzi. Asitumie, atumie, tumia. Silabi moja ikidondoka, ushauri umegeuka sumu. Na mimi nilichangia, sikatai. Nani anaongea "inashauriwa mkulima asitumie"? Ningeandika "Usipande masalia!" huenda ingepona.

Kwa wasiolima: kiazi kinaweza kuonekana kizima, kinang'aa, kumbe kimebeba vimelea vya huo ugonjwa. Ukikipanda, umeuhamishia shambani kwako. Hakuna dawa ya kutibu mmea ulioshikwa, na udongo unabaki na vimelea kwa misimu kadhaa. Sasa kikundi kinachoishi kwa kuuza mbegu safi kinaonekana kinawaambia watu wapande masalia!

Jumapili asubuhi simu ikaita, mzee wao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hii video umeiangalia wewe mwenyewe?"

Nikajibu ndiyo. Aisee, ule ukimya uliofuata nausikia mpaka leo. Niliifuta, lakini ilikuwa imeshasambazwa kwenye magrupu ya vijiji, na kitu kilichofika huko hakirudi. Kazi ikaota mbawa.

Picha ndizo walizozichekea. Trekta kubwa linavuna kwenye tambarare isiyo na mwisho, mzungu kavaa glavu. Mashamba ya Umalila yamening'inia kwenye miteremko, jembe la mkono tu. Mmoja akaniuliza hiyo Umalila iko kata gani. Mashine inatafuta picha kwa neno, na kwenye maktaba yake neno "viazi" linakupeleka huko. Lakini picha ni aibu tu. Ile "si" ndiyo iliyonila.

Kanuni yangu sasa ni moja: sauti yako kwanza, templeti mwisho. Simaanishi usome makala kwa sauti, maana ukiisoma utasikika kama karani wa mahakama. Ifunge kabisa, umsimulie mtu asiyejua.

Nilipoamua kurekebisha lile kosa, bure, kwa ajili ya jina langu tu, nilimtumia dada yangu voisi ya WhatsApp. Yeye anauza vitenge Mwanjelwa, viazi anavijua vikiwa chipsi. Nikamweleza kwa dakika moja na sekunde hamsini. Akanijibu swali moja: "Sasa nitajuaje kama shamba langu limeugua?" Makala yangu nzima ilikuwa imelizika jibu hilo kwenye aya ya saba! Basi video mpya ikaanzia hapo.

Nikarekodi upya, nimejifunika blanketi kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati, nikakata hadi sekunde 58. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni kama maneno 115 ya Kiswahili, siyo 900. Pumzi zangu nikaziacha, na ile "eeh" moja nayo nikaiacha. Halafu nikaenda shambani na simu, nimeishika wima. Unakata kipande cha shina la mmea ulionyauka, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji, unatulia. Kama ni mnyauko bakteria, ndani ya dakika chache unaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye shina. Nilirekodi dakika nne, nikatumia sekunde tisa. Sekunde tisa hizo hazina muziki wala maandishi, nimenyamaza hata mimi. Templeti ingeikata kwenye sekunde ya tano, kabla uzi haujafika chini.

Baada ya hapo ndipo nikafungua templeti, CapCut ya kwenye simu. Sauti yangu chini, picha zangu juu, nikikata pale ninapovuta pumzi na siyo pale saa inaposema. Kipande kimoja sekunde mbili, kingine saba. Nikaiachia mashine iandike kapsheni tu, na hata hapo "mnyauko" ikaandika "mnyama uko." Nikazipitia moja moja kwa mkono.

Kabla ya kuposti nafanya kitu kimoja ambacho yule mwalimu wa elfu arobaini na tano hakukijua. Naichukua makala, napigia mstari kila "si," "usi" na "ha" ya kukanusha, halafu naiangalia video mara mbili: mara ya kwanza simu nimeilaza kifudifudi nasikiliza tu, mara ya pili nimezima sauti nasoma tu. Kila mstari lazima niukute mahali. Ukikosekana mmoja, video haitoki.

Wewe makala yako ni ya parachichi. Sijaisoma, lakini naweza kuweka dau kuna mahali umeandika wakulima wasichume matunda ambayo hayajakomaa. Kama umeshabandika, nenda kaitafute hiyo sentensi kwenye video uliyotengenezewa, uje utuambie imeandikwaje.