Takwa haihesabiwi kwa saa ya ukutani

Swali la wiki: Unapotembeza wageni, unajuaje kila mahali patahitaji muda gani?

Hapa Lamu mimi huanza na mahali pasipokubali kusogezwa, napo ni magofu ya Takwa, kisiwani Manda, kwa kuwa mkondo wa mikoko unaoingia huko hupitika vyema maji yakijaa, na yakipwa hubaki tope. Miaka michache iliyopita, wageni wangu wakiwa bado wanapiga picha, tulichelewa kuondoka, na chombo kikakwama saa tatu baada ya maji kujaa. Maji hujaa tena baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kina kile kile hurudi takriban saa tatu kabla ya kujaa huko. Kwa hiyo tulingoja saa sita na ushei, gizani, na mbu.

Mwezi uliopita nilimpokea binamu yangu pamoja na mama yake mzee na watoto wawili. Nilimuuliza nahodha, akasema maji yangejaa saa 9:30 alasiri. Tukang'oa nanga saa 8:00, baada ya sala ya adhuhuri na chakula, tukafika saa 8:40, nami nikaweka saa 10:30 kuwa mwisho wa kuondoka. Tulikuwa na saa moja na dakika 50. Msikiti wa Ijumaa, kuta za nyumba na kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria vilitosheka kwa saa moja na robo. Zilizobaki zilikuwa za bibi kupumzika chini ya mbuyu. Tungeahirisha hadi kesho yake, maji yangechelewa kwa dakika 50 hivi, na kurudi kwetu kungegongana na magharibi.

Asubuhi ya siku hiyo ndipo nilipoweka soko na Ngome, kwa sababu vinakaribiana. Sokoni tulifika saa 1:30, kwani anayetaka kuona samaki wakipimwa na kubishaniwa bei akija saa nne huona meza zikioshwa. Nusu saa inamtosha mtazamaji. Mnunuzi mpe saa nzima, na binamu yangu, kama nilivyohofia, alikuwa mnunuzi.

Katika Ngome na Makumbusho ya Lamu situmii makadirio ya watu wengine. Huwaacha wageni wamalize chumba cha kwanza bila kuwaharakisha, nikatazama saa, kisha nikazidisha kwa vyumba vilivyobaki na kupunguza kama theluthi, maana macho huchoka na vyumba vya mwisho hupitwa haraka. Binamu yangu alitumia dakika 12 katika chumba cha kwanza cha makumbusho, akisoma kila kibao. Nikaona wazi kwamba makumbusho yangekula asubuhi yote ya pili, nikaiondoa Shela katika ratiba kabla mtu yeyote hajaahidiwa.