Picha ya jua kwenye tangazo la nyumba: usiniulize nililijuaje hili

Jana dada mmoja kanitumia picha ya nyumba anayotaka kupanga, kaniuliza, "kaka, hii balkoni kweli inatazama bahari? Ajenti aniambia jua lachomoza hapo mbele." Nikaitazama ile picha nikahisi moyo waniuma, kwa sababu mimi mwenyewe Desemba moja nilitumiwa picha kama hiyo hiyo nikiwa Nairobi, jua jekundu liko chini juu ya maji, nikaambiwa ni asubuhi, bahari iko mbele na upepo mtupu, nikatuma dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza bila kumtuma hata mtu akaangalie. Mimi mzaliwa wa Mombasa!

Nyumba ilikuwa Ganjoni. Maji yale yalikuwa Kilindini, mlango wa bandari, na jua lile lilikuwa la magharibi. Kuanzia saa tisa mchana balkoni ilikuwa tanuri, mwanangu mdogo alitoka vipele vya joto mwili mzima, na dipoziti sikurudishiwa hadi leo. Bado inaniuma wallahi.

Baadaye nikakaa na ile picha usiku kucha, nikaona kumbe jibu lote lilikuwa mle ndani.

Rangi ya jua haikwambii kitu, asubuhi na jioni zafanana. Anza na tarehe. Hapa kwetu jua halitoki mashariki kamili mwaka mzima. Ukihesabu kwa dira, kaskazini sifuri, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270, basi Machi na Septemba mwishoni huchomoza kwenye 90 na kutua 270. Juni mwishoni huchomoza kama 66 na kutua 294, Desemba mwishoni huchomoza kama 114 na kutua 246. Na kwa vile tuko karibu na ikweta jua hupanda wima, saa nzima baada ya kuchomoza upande wake haujasogea zaidi ya digrii 2 hivi, kwa hivyo huhitaji dakika kamili. Ila adhuhuri usijisumbue, jua liko karibu na utosi na kivuli hakina la kusema.

Picha yangu ilikuwa ya Desemba, basi jua liko 114 au 246, moja kati ya hizo mbili. Jua lilikuwa kulia, nusu ya njia kutoka katikati ya picha hadi ukingo. Simu nyingi zikilazwa, lensi ya kawaida hushika kama digrii 68 kwa upana, yaani 34 kila upande, kwa hivyo jua lilikuwa kama digrii 18 kulia kwa kamera. Toa 18. Kamera ilitazama 96 ikiwa asubuhi, au 228 ikiwa jioni. Jua likiwa nje ya picha, tazama vivuli: vikilala kuelekea kulia, jua liko kushoto, ongeza 90 kwenye upande wa jua. Vikilala kushoto, toa 90. Hapo ni kukisia tu, maana vivuli kwenye picha hupindwa na lensi, usivipime kwa rula.

Sasa ni ipi kati ya hizo mbili? Hapa ndipo nilipolia. Chini kulia kulikuwa na msikiti, na Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, kwa hivyo kile kibanda cha mihrabu kinachotokeza ukutani kwa nje huelekea kaskazini. Kwenye picha kilielekea kulia, kidogo upande wangu. Mtu akitazama mashariki, kaskazini iko kushoto kwake! Basi ilikuwa jioni, 228, kusini-magharibi. Na chini ya jua kulikuwa na mstari mweusi niliodhani ni wingu, kumbe ni ng'ambo, Mtongwe. Ukitazama Bahari Hindi mbele hakuna ng'ambo.

Jamani, msitume pesa kwa picha moja. Kwanza soma maandishi yoyote mle ndani, kibao au namba ya gari, yakiwa kinyume picha imegeuzwa na hesabu yote yageuka. Halafu mwambie ajenti atume ile picha kama dokumenti, maana ikitumwa WhatsApp kawaida, saa na tarehe ya kamera hupotea. Ukishapata tarehe fungua suncalc.org, weka mahali, utachorewa mistari ya jua kuchomoza na kutua juu ya ramani. Mwenye nyumba nzuri hakatai kutuma picha ya pili.

Yule dada nimemwambia aombe picha ya balkoni hiyo hiyo, msikiti wa jirani uonekane. Ameomba tangu jana mchana. Ajenti ameisoma meseji, hajajibu.