Misimbo ya mwaliko na zawadi kwa wateja wa saluni kupitia WhatsApp

*"Nina saluni ya kusuka, wateja wanakuja mara moja wanapotea. Nimefungua chaneli ya WhatsApp nikaweka ofa ya asilimia 10 kwa anayeleta rafiki, lakini sijui nani kamleta nani. Nifanyeje?"*

Chaneli iache kwa picha za mitindo. Mfuasi wa chaneli hawezi kukujibu wala wewe huoni namba yake, na ofa ukiiweka pale inatumiwa hata na yule ambaye angekuja bila ofa. Kwa kazi hii tumia brodikasti ya WhatsApp Business: ujumbe mmoja unaingia kwa kila mteja faragha, na akijibu, jibu linakuja kwako peke yako.

Orodha moja ya brodikasti inabeba watu 256, ila ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Bonyeza ujumbe uliotuma, ushikilie, kisha ufungue maelezo yake: ukiona majina yaleyale hayafikiwi kila mara, huenda hawajakuhifadhi. Dawa yake ni kumalizana na jambo hilo mteja akiwa bado kitini. Muulize kama anapenda kupata ujumbe wako, na akikubali, ahifadhi namba palepale.

Sasa msimbo. Brodikasti haiwezi kumtumia kila mtu msimbo tofauti, kwa hiyo waombe wanaoutaka wajibu neno MSIMBO. Anayejibu mpe jina lake na tarakimu mbili, mfano ASHA47, pamoja na kiungo cha kumtumia rafiki:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimetumwa%20na%20ASHA47
```

Rafiki akikigusa, WhatsApp inafunguka kwenye namba yako na maneno yameshaandikwa. Yeye anatuma tu. Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele, na kila nafasi kati ya maneno iwe %20. Kijaribu kwanza kwenye simu nyingine.

Kila anayehudumiwa mwandike kwenye jedwali la simu kama Google Sheets: A tarehe, B jina, C namba, D msimbo aliokuja nao, E alicholipa. Kujua Asha ameleta wangapi waliolipa:

```
=COUNTIFS(D:D,"ASHA47",E:E,">0")
```

Zawadi itoke baada ya rafiki kulipa, si baada ya kuulizia bei. Tafuta pia namba yake kwenye safu ya C, maana mteja wa zamani hurudi kama "mgeni" kwa msimbo wa dada yake. Akija na laini mpya, msusi atamtambua kwa sura.

Kuhusu asilimia 10, piga hesabu kabla hujaendelea. Tuseme kusuka ni 30,000, msusi anachukua nusu, rasta tatu ni 7,500. Kinachobaki ni 7,500, na humo hujalipa umeme wala pango. Punguzo la 3,000 limekula asilimia 40 ya hicho. Badala yake, aliyeleta mgeni mpe kuosha na stimu ambayo unaitoza 8,000 lakini dawa yake inakugharimu kama 1,500. Msusi mlipe 2,000 kwa kazi hiyo, na hili usiliruke: asipolipwa ataifanya kwa kinyongo na mteja ataiona. Mgeni mpunguzie 2,000. Jumla ni 5,500, inazidi lile punguzo la 3,000, lakini bado unabaki na 2,000 kwa kichwa kipya, na mteja wako anahesabu amepata kitu cha 8,000. Stimu itolewe Jumanne hadi Alhamisi, viti vinapokuwa vitupu, na haki hiyo iishe baada ya siku 60.

Kumrudisha mteja mwenyewe ni suala la muda zaidi ya zawadi. Rasta hukaa wiki nne hadi sita, kwa hiyo ujumbe wa kila Ijumaa kwa watu wote unawakuta wengi wao kichwa bado kizuri, na wakichoka wanakubloku. Mimi napendelea orodha ndogo kwa wiki ya kusuka: waliosuka wiki ya kwanza ya Machi wanakaa orodha moja, hata wakiwa 15 tu. Wiki ya tano inapoanza, watumie huu:

"Habari dada, nywele zako zinaingia wiki ya tano. Ukija kufumua na kusuka kabla ya tarehe 12, kuosha na stimu ni bure, Jumanne hadi Alhamisi. Jibu kwa siku unayotaka nikushikie nafasi."

Akijibu siku, mwekee lebo ya WhatsApp Business ya "Ameshika nafasi". Akisuka, mtoe kwenye orodha ya zamani umwingize ya wiki hiyo. Ukisahau kumtoa, atapata ujumbe wa kufumua nywele alizosuka juzi. Asiyejibu mara mbili mfululizo mwache kwenye chaneli tu, na akiomba usimtumie tena, mtoe siku hiyohiyo.